Shajara ya mradi wa mizani: somo la Mei lililopotea, na jinsi tunavyoandika ahadi sasa

Jumatano, 24 Septemba 2025. Mwanga, Kigoma

Leo nimeamshwa na simu kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Ni mama anayesimamia mizani mwaloni Kibirizi. Hata shikamoo yangu hakuisubiri iishe. "Mwanangu, kilo za usiku hazipo kwenye simu. Wavuvi wamesimama hapa wanataka hesabu zao."

Niweke mambo yalivyokuwa nikiwa bado nayakumbuka. Programu yetu inarekodi uzito wa dagaa kila beseni linapopanda mzanini. Mtandao ufukweni ni wa kusuasua, kwa hiyo rekodi hukaa kwanza kwenye foleni ndani ya simu na kutumwa kwenye seva mtandao ukirudi. Jana jioni tuliweka toleo jipya, ambalo uzito wake umo kwa gramu badala ya kilo. Simu mbili zilikuwa na rekodi 41 za muundo wa zamani ambazo hazijatumwa. Mtandao uliporudi, programu ikazipeleka, seva ikazikataa kwa jibu la `400`, kisha programu ikazifuta kwenye foleni. Msimbo wetu ulikuwa ukifuta rekodi ikipata jibu lolote, hata la kukataliwa.

Mwezi ulikuwa mchanga juzi tu, tuko katikati ya giza. Ndizo siku ambazo taa za wavuvi huvuta dagaa na mwalo hujaa. Tusingeweza kuchagua siku mbaya zaidi ya hizi.

Mama ana daftari. Kwa daftari hilo tumerudisha rekodi 38. Tatu hazijulikani zilipo.

Kabla hajakata simu alisema neno ambalo limenikaa siku nzima: "Hili si mlishasema hapa hapa kwangu, kipindi kile cha mwezi wa nne? Kwamba hamtaweka programu mpya wakati wa giza?"

Ijumaa, 26 Septemba

Retro, kikao chetu cha kujitathmini mwishoni mwa kila sprinti, yaani awamu ya kazi ya wiki mbili. Tuko watano: kaka wa seva, dada wa majaribio, mbunifu wa skrini, kijana wa simu ambaye ndiye mdogo kwetu, na mimi ninayeongoza. Humu nawaita kwa kazi zao.

Kabla ya kuzungumzia jumatano nilitaka kujua kama mama alisema kweli. Alisema kweli. Mwishoni mwa Aprili tuliweka toleo wakati wa giza, likagoma kwenye simu moja, na retro ya Ijumaa, tarehe 2 Mei, tuliijadili. Wote wanne wanakumbuka mjadala huo. Lakini nilipouliza nani alipewa kazi ya kufanya nini, nilipata majibu matatu tofauti, na mimi mwenyewe nilikuwa na la nne.

Dada wa majaribio alitafuta kwenye kundi letu la WhatsApp hadi akapata picha ya ubao wa siku ile. Karatasi za kubandika zinaonekana, nyingine zimekunjamana. Inayohusu suala hili imeandikwa hivi: "Tujaribu vizuri kabla ya kutoa."

Tuliitazama karatasi hiyo kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote leo. Haisemi kujaribu nini. Haisemi nani. Haisemi ifikapo lini, wala mtu atajuaje kwamba imefanyika. Na hata giza, ambalo ndilo mama alilikumbuka, halimo. Tuliyemwahidi alikumbuka vizuri kuliko sisi tulioahidi, kwa sababu yeye alibeba sababu na sisi tulibeba kauli.

Hapo ndipo tulipoanza kutenganisha vitu viwili ambavyo kwenye ubao vilikuwa vimechanganyika. Somo ni maelezo ya jambo lililotokea, mazingira yake na sababu yake. Halina jina la mtu. Ahadi ni kazi, na lazima iwe na jina la mtu mmoja. Tukiandika "timu" kwenye nafasi ya jina, hakuna wa kumuuliza. Kila kimoja kina namba, na namba haitumiki mara mbili hata ahadi ikiachwa.

Kumbukumbu tumeiweka ndani ya hazina ile ile ya msimbo, kwenye faili `retro/2025-09-26.md`. Kaka wa seva alipendekeza jedwali la pamoja mtandaoni. Nilikataa kwa sababu moja: tukibadilisha chombo cha tiketi, kama tulivyofanya mwaka jana, msimbo tunahama nao siku zote, majedwali tunayaacha nyuma.

```
SOMO S-001
Kilichotokea: rekodi 41 zilifutwa kwenye simu 2 bila kufika kwenye seva; 38 zimerudishwa kwa daftari, 3 hazijulikani zilipo
Mazingira: toleo jipya liliwekwa foleni ikiwa na rekodi za muundo wa zamani
Sababu: programu hufuta rekodi ikipata jibu lolote, hata la kukataliwa

AHADI A-001 (kutoka S-001)
Nani: dada wa majaribio
Nini: jaribio la kuweka toleo jipya kwenye simu yenye rekodi zisizotumwa
Lini: 10-10-2025
Ushahidi: rekodi 12 za zamani zinaonekana kwenye seva baada ya toleo jipya
Hali: wazi
```

A-002 ni ya kijana wa simu: rekodi ifutwe kwenye foleni pale tu seva inapothibitisha kuipokea. Tumeishia hapo, ahadi mbili. Ubaoni kulikuwa na mapendekezo tisa, na yapo mazuri, lakini ahadi tisa kwa watu watano wenye sprinti ya wiki mbili na kazi nyingine za mteja hazitekelezeki. Saba zilizobaki ziko chini ya faili kama mapendekezo, bila namba.

Jambo la mwisho tulilofanya ni kusoma kwa sauti. Mwandishi anasoma kila ahadi kama ilivyoandikwa, na mwenye ahadi anakubali au anarekebisha papo hapo. Dada wa majaribio alirekebisha. Mimi nilikuwa nimeandika "rekodi hazipotei". Yeye akasema, "Hapana, andika zinaonekana kwenye seva. Kutopotea nitakupimiaje?"

Ijumaa, 3 Oktoba

Stendapu, mkutano wetu mfupi wa kila siku ya kazi, tunafanya saa mbili na nusu asubuhi, tukiwa tumesimama. Mwongozo wa Skramu wa 2020 unaupa mkutano huo dakika 15 na sisi hatuzidi hapo. Kwa hiyo kuandika kila anachosema kila mtu hakuwezekani, na hata kama kungewezekana, nani angesoma? Nilichoamua ni kuandika mambo ya aina tatu tu: kizuizi, uamuzi, na badiliko la ahadi. Siku isiyo na hata moja, naandika tarehe na neno "hakuna". Hilo "hakuna" lina kazi yake, linatofautisha siku isiyo na jambo na siku niliyosahau kuandika.

Wiki imekuwa hivi:

```
29-09 | hakuna
30-09 | KIZUIZI | A-001 | hakuna simu ya aina inayotumika mwaloni
01-10 | KIZUIZI | A-001 | simu bado, duka la kwanza hawana
02-10 | KIZUIZI | A-001 | simu bado
02-10 | UAMUZI  | skrini ya bei inasubiri sprinti ijayo
03-10 | KIZUIZI | A-001 | simu bado
```

Nimeitazama orodha hii leo mchana na kuona kitu ambacho masikio yangu hayakuwa yamekiona. Kila asubuhi dada wa majaribio alisema "bado natafuta simu", kila asubuhi nikaitikia, na kila asubuhi lilisikika kama jambo dogo la siku hiyo. Kwenye karatasi ni kizuizi kimoja cha siku nne, na ahadi inadaiwa baada ya wiki moja. Jaribio kwenye simu mpya ya ofisini halitatusaidia, kwa sababu simu za mwaloni ni za zamani na zina nafasi ndogo.

Nimejiandikia A-003: niazime simu moja ya mwaloni kutoka kwa mama. Mwezi mpevu ni tarehe 7. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wengi hupumzika na kushona nyavu, mizani inalala. Simu ikitoka siku hizo haimkwamishi mtu.

Jumatano, 8 Oktoba

Simu tumeipata jana. Mama ameikabidhi mwenyewe, akataka tuandikishane kwenye daftari lake kwamba itarudi Ijumaa. Nimeweka sahihi.

Matokeo ya leo nayaandika kwa utaratibu, kwa sababu ndiyo sehemu iliyonifunza zaidi.

A-002 ilikuwa imekamilika tangu Jumatatu. Kijana wa simu alibadili sharti la kufuta, ukaguzi wa msimbo ukapita, na kwenye stendapu akasema "imeisha". Ilikuwa imeisha kweli kwa namna ilivyoandikwa. Leo dada wa majaribio akaweka toleo la zamani kwenye simu ya mama, akapima mawe kwenye mizani mara 12, akazima mtandao, akaweka toleo jipya juu yake, akawasha mtandao.

Rekodi zilizofika kwenye seva: 0 kati ya 12. Zilizopotea: 0. Zote ziko kwenye foleni, zinatumwa, zinakataliwa, zinarudi, zinatumwa tena. Bando linakwisha na hakuna kinachofika.

Tungekuwa tumeandika ushahidi wa A-001 kwa maneno yangu ya kwanza, "rekodi hazipotei", tungefunga ahadi leo kwa furaha na kwenda nyumbani, na mama angenipigia simu nyingine giza lijalo. Maneno "zinaonekana kwenye seva" ndiyo yaliyolizuia jaribio lisipite. A-001 inabaki wazi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Retro ya pili. Utaratibu mpya ni kufungua na faili ya retro iliyopita kabla ya kuandika chochote kipya. Kila ahadi inasomwa na mwenyewe anataja ushahidi, si maelezo. A-002 imefungwa. A-003 imefungwa, simu imerudi kwa mama leo asubuhi. A-001 imeshindikana kwa tarehe yake, na tumeandika hivyo hivyo: "tarehe imepita, jaribio lipo, halipiti". Tarehe ya zamani haikufutwa. Tumeongeza mpya chini yake, 24-10. Ahadi mpya ni A-004, ya kaka wa seva: seva ipokee muundo wa zamani na mpya kwa pamoja, na igeuze kilo kuwa gramu yenyewe.

Nimekubaliana na kila mtu leo kujaribu kurekodi sauti ya mkutano kwa simu, ili nisikose neno. Nilidhani hiyo ndiyo njia ya uhakika kuliko zote. Tumepata dakika 52 za sauti, feni ikivuma juu ya kila kitu, na watu wamesema kwa uangalifu kama walio mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Kijana wa simu alisema sentensi mbili.

Baadaye tulipokuwa tunakunywa chai, simu ikiwa mfukoni, akaniambia taratibu: "Kaka, ule mstari wa kufuta foleni niliuona wakati wa ukaguzi, kabla ya toleo la Septemba. Niliona kuna shida. Lakini wewe ulishamwahidi mteja tarehe, nikaona nikisema nitakuchelewesha."

Hilo ndilo lilikuwa somo kubwa la mwezi mzima, na halikuwamo kwenye dakika 52. Nilimshukuru, nikamwomba ruhusa ya kuliandika. Alikubali, bila jina lake.

Nimeifuta ile sauti mbele ya wote. Sauti ya mtu ni taarifa yake binafsi, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika siwezi kuiweka tu kwenye simu yangu kwa sababu huenda siku moja nikaihitaji. Lakini sababu yangu ya kwanza ni ile sentensi ya chai. Tunaandika kwa mkono, tunasoma kwa sauti, basi.

```
SOMO S-002
Kilichotokea: kasoro ya foleni ilionekana kwenye ukaguzi na haikutajwa
Mazingira: tarehe ya toleo iliahidiwa kwa mteja kabla ya ukaguzi kuisha
Sababu: kutaja kasoro kulionekana kama kumvunjia kiongozi ahadi yake
```

A-005 ni yangu: simpi mteja tarehe ya toleo mpaka ukaguzi na jaribio la A-001 vimepita.

Jumatano, 15 Oktoba

Jana ilikuwa sikukuu ya Nyerere, leo tumerudi. Asubuhi nilitaka kuunganisha kila ahadi iliyofungwa na msimbo wake. Tulikubaliana kwamba komiti, yaani badiliko la msimbo lililohifadhiwa pamoja na ujumbe wake, ikitekeleza ahadi iwe na mstari wa mwisho unaotaja namba ya ahadi hiyo, mfano `Ahadi: A-002`. Nikaandika:

```
git log main --grep="Ahadi: A-002" --oneline
```

Hakuna kilichotoka. Kijana wa simu akaniapia kwamba mstari aliuandika, na kwenye kompyuta yake upo kweli. Tulichukua nusu saa kuelewa. Tunapounganisha tawi la kazi na `main`, ambayo ndiyo msimbo mkuu, tumeweka mpangilio wa kubana komiti zote za tawi ziwe moja, na hiyo moja inabeba kichwa cha habari tu. Komiti tatu alizoandika zilibaki kwenye tawi, na tawi lilifutwa baada ya kuunganishwa. Amri hiyo inasoma ujumbe wa komiti zilizo kwenye historia ya `main`, kwa hiyo haikuwa na cha kuona.

Tumebadili mpangilio ili maelezo ya ombi la kuunganisha yaingie kwenye komiti iliyobanwa, na namba ya ahadi inaandikwa humo. Kwa A-002 tumefanya kinyume: namba ya komiti iliyoko `main` imeandikwa kwenye faili ya retro, kwenye mstari wa ushahidi. Nadhani hili la pili linafaa lifanyike siku zote, hata la kwanza likifanya kazi. Ukianza na ahadi unafika kwenye msimbo. Ukianza na msimbo unafika kwenye ahadi. Mtu atakayekuja mwakani hajui ataanzia wapi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mwezi mpya ni kesho. Giza tena, mwalo umejaa.

Saa tano mteja amepiga: bei ya kilo imebadilika, anaomba ibadilishwe kwenye mfumo leo, la sivyo stakabadhi za usiku zitatoka na bei ya zamani. Mbunifu wa skrini akasema palepale, "Haiwezekani, tulisema hakuna toleo wakati wa giza." Kaka wa seva akasema inawezekana. Wakaanza kubishana.

Nikafungua S-001 na kuisoma kwa sauti. Mazingira: toleo jipya kuwekwa kwenye simu foleni ikiwa na rekodi za muundo wa zamani. Sababu: programu kufuta rekodi zilizokataliwa. Bei inakaa kwenye seva. Rekodi inayotoka kwenye simu ina uzito, muda na namba ya mtumbwi, bei haimo. Muundo haubadiliki, foleni haiguswi, hakuna programu inayowekwa kwenye simu yoyote. Ubishi uliisha kwa dakika tatu hivi na bei ilibadilishwa kabla ya adhuhuri.

Tungekuwa na kauli tupu ya "hakuna toleo wakati wa giza", leo tungefanya moja kati ya mawili: tungemkatalia mteja bila sababu, au tungeivunja kanuni na kuizoea kuivunja. Nimeongeza mstari kwenye S-001, na tarehe yake: "20-10: haihusu mabadiliko ya seva yasiyogusa muundo wa rekodi."

Ijumaa, 24 Oktoba

A-004 imefungwa, namba ya komiti iko kwenye faili. Juzi dada wa majaribio alirudia jaribio kwenye simu aliyoipata hatimaye kwa fundi wa mjini, ya aina ile ile. Rekodi 12 kati ya 12 ziko kwenye seva, kilo zimegeuzwa kuwa gramu, foleni tupu. A-001 imefungwa.

A-005 haina siku ya kufungwa, na hilo limetusumbua. Mbunifu wa skrini amesema ahadi isiyo na mwisho si ahadi, ni tabia, na amenishinda kwa hoja. Tumeifunga kwa hali ya "imegeuzwa kanuni", na kanuni imeingia kwenye orodha ya mambo yanayokaguliwa kabla ya kila toleo. Orodha hiyo ina mistari minne, na kila mstari una namba ya somo lililouzaa.

Toleo la simu litawekwa mwezi ukipevuka, mwanzoni mwa Novemba. Mteja amepewa tarehe leo, si kabla.

Jioni nimeshuka Kibirizi na nakala ya S-001 iliyochapwa, nikamsomea mama. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie ile sehemu ya rekodi tatu zisizojulikana, akaita kijana wake alete daftari la mwezi wa tisa. Ukurasa mmoja una pembe iliyochanika. Akanieleza kwamba mwenye mtumbwi mmoja alikuwa na haraka alfajiri ile, akachaniwa kipande chenye hesabu zake, na kipande anacho mpaka leo. Alimtuma mtoto akakifuate. Mabeseni matatu, uzito umeandikwa kwa kalamu ya bluu, muda haupo.

Nimerudi ofisini na kuongeza mstari mmoja kwenye faili, ule wa zamani nikauacha ulivyo:

```
24-10: rekodi 3 zilizobaki zimepatikana kwenye karatasi ya mvuvi; uzito upo, muda haupo
```